Karatasi Nyeupe, Picha ya Kijivu

Muuzaji wa ndala za ngozi zenye shanga ananunua karatasi ya manila dukani, anaitandika mezani, anaweka ndala juu yake na kupiga picha kwa simu. Karatasi ni nyeupe pe, lakini kwenye picha imetoka ya kijivu kama mbingu ya masika. Wengi hapo huilaumu simu. Kumbe simu imefanya kazi yake ilivyoundwa.

Kamera hupima mwanga kwa kudhania kwamba vitu vilivyo mbele yake, ukivijumlisha, vina mng'ao wa kati: si vyeupe sana, si vyeusi sana. Ikikutana na karatasi nyeupe iliyojaa fremu nzima, huona mwanga umezidi na kuupunguza. Weupe unashuka kuwa kijivu, na ndala ya kahawia inakuwa nyeusi zaidi. Kwa hiyo kazi yote ya picha ya aina hii ni kumwagia karatasi mwanga wa kutosha, kisha kuizuia simu isiupunguze.

Mwanga bora ni wa bure, nao unatoka dirishani. Meza isogezwe ili dirisha liwe ubavuni mwa ndala, si nyuma yake wala nyuma ya mpiga picha. Jua lisiingie moja kwa moja, kwani huacha vivuli vikali. Likiingia, pazia jeupe jepesi hulilainisha. Taa za ndani zizimwe zote. Balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, upande mmja wa karatasi huwa wa manjano na mwingine wa samawati, na kasoro hiyo ni ngumu kuirekebisha baadaye.

Manila kubwa ya sentimita 60 kwa 84 hivi inatosha kwa viatu. Ncha ya juu ibandikwe ukutani kwa selotepu, nyingine ishuke na kulala mezani kwa mpindo laini. Isikunjwe, maana kunjo huonekana kama mstari unaokata picha katikati. Ndala zikae mbele, mbali na ukuta, ili kivuli chake kianguke mezani tu. Upande usio na dirisha isimamishwe karatasi nyeupe ya pili, karibu kabisa na ndala bila kuingia kwenye picha. Ukiisogeza taratibu utaona kwa macho yako kivuli kikififia na shanga za upande wa giza zikianza kuonekana moja moja.

Kisha simu. Lenzi yake ya kawaida huona eneo pana, na ukiisogeza karibu mno, kidole cha mbele cha ndala huvimba huku kisigino kikisinyaa. Ni afadhali kurudi nyuma kidogo na kukuza mara mbili. Fleshi izimwe. Mpiga picha agonge kwenye ndala na kushikilia kidole mpaka kamera ifunge umakini wake. Kwenye simu nyingi hutokea alama ya jua, ambayo huburutwa juu kuongeza mwanga. Asimame pale karatasi inapokaribia weupe, kabla shanga nyeupe hazijayeyuka na kuwa doa moja. Kilichopotea namna hiyo hakirudishwi na uhariri wowote.

Kilichobaki kinamalizwa na programu ya bure kama Snapseed. Kwanza White Balance: kile kidirisha cha kudondosha rangi huwekwa juu ya karatasi, na rangi ya manjano au samawati huondoka. Kisha Curves: nukta ya juu kulia huburutwa kushoto kidogo kidogo, karatasi inang'aa mpaka weupe kamili. Kivuli chepesi chini ya soli kibaki, la sivyo ndala itaonekana inaelea. Mpaka wa kusimama ni mkanda wa ngozi: ukianza kupauka, umezidisha.

Kwa tangazo la WhatsApp, weupe wa karibu kamili unatosha. Masoko mengine hayana msamaha: Amazon hutaka picha kuu iwe na mandhari ya nyuma nyeupe kabisa, RGB 255, 255, 255, na bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu.

Njia hii ina mipaka. Sabuni nyeupe juu ya karatasi nyeupe hupotea kingo zake. Hapo dawa ni kusimamisha vipande vya karatasi nyeusi pembeni, nje ya picha, ili kingo zichore mstari wa giza. Kifuniko cha chuma kinachong'aa huakisi chumba kizima, hata shati la mpiga picha.

Ukiwa na jozi nyingi za kupiga, weka alama ndogo za penseli mezani pa kuweka ndala na pa kusimamishia simu, na upige zote kabla jua halijahama. Picha zitalingana, na uhariri wa jozi ya kwanza utafaa kwa zote zinazofuata.