Tarehe 25 Boishakh ni Lini?

Mwezi wa Aprili wa mwaka 2025 alinijia kijana mmoja mfanyabiashara wa nguo, ambaye alikuwa amepanga safari ya kwenda Kolkata kununua bidhaa, akanionyesha kadi ya mwaliko aliyopelekewa na mwenyeji wake wa huko. Ilikuwa kadi ya Kibengali, na juu yake alikuwa amesaidiwa kuandika kwa kalamu ya risasi maana ya kila mstari: kwamba patakuwa na hafla ya jioni ya kuadhimisha uzawa wa mshairi Rabindranath Tagore, tarehe 25 Boishakh 1432, siku ya Shukrobar. Tarehe ya Miladia haikutajwa popote.

"Maalim," aliniambia, "nimetazama katika simu, nimeona tarehe 25 Boishakh ni 8 Mei. Nitakwenda hafla jioni, na usiku ule ule nipande ndege nirudi."

Nilimwomba asiikate tiketi kwanza, kwa sababu kalenda aliyoitazama ilikuwa kalenda ya Dhaka, ilhali kadi yake ilitoka Kolkata. Na baada ya Bengali kugawanyika, upande mmoja ukawa India na upande wa pili ukawa nchi ambayo leo ni Bangladesh, jina moja la mwezi na hesabu moja ya mwaka vilikuja kushuka juu ya siku mbili mbalimbali.

Tuanze na mwaka, maana ndio ulio mwepesi. Ukitaka kuugeuza mwaka wa Kibengali uwe wa Miladia, ongeza 593. Basi 1432 na 593 ni 2025. Hesabu hiyo yafaa tangu mwaka mpya wao, ambao huingia katikati ya Aprili, mpaka tarehe 31 Desemba. Kuanzia Januari mosi hadi mwaka wao uishe, mwaka wa Miladia umekwisha kupanda ngazi moja nao wao bado hawajapanda, kwa hiyo ongeza 594. Tarehe 8 Falgun 1432, kwa mfano, imo katika Februari ya 2026, wala haimo katika ya 2025. Mwezi wa Poush ndio unaovuka mpaka huo: kwa kalenda ya Dhaka, tarehe 16 Poush ni 31 Desemba, na 17 Poush ni Januari mosi.

Msomaji wa pwani huenda akauliza hiyo 593 imetoka wapi, nami napenda kumjibu kwa kuwa jibu lina nasaba na mambo anayoyajua. Wengi huinasibisha kalenda hii na Sultani Akbar wa Delhi. Dola yake ilitumia mwaka wa Hijra, ambao hufuata mwandamo wa mwezi na hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, hata wakulima wakadaiwa kodi kabla mpunga haujaiva. Basi, kwa kauli hiyo, palichukuliwa mwaka 963 wa Hijra, uliokuwa 1556 wa Miladia, nao ukaanza kuhesabiwa mbele kwa mwendo wa jua badala ya mwezi. Kutoka 1556 hadi 2025 ni miaka 469; itie juu ya 963, utapata 1432 ile ile ya kadi. Wabengali wenyewe husema "san" kwa mwaka na "tarikh" kwa siku ya mwezi, maneno ya Kiarabu, na hilo la pili ni ndugu wa damu wa "tarehe" yetu. Na kama watu wa Makunduchi wanavyoshika mwaka wa Hijra kwa ibada na mwaka wa Nairuzi kwa Mwaka Kogwa, ndivyo Mbengali Mwislamu anavyofunga Ramadhani kwa mwezi na kusherehekea Boishakh mosi kwa jua.

Ugumu upo katika siku. Kalenda ya Kolkata ni ya wanajimu: mwezi huanza jua linapoingia katika buruji mpya, na mwaka huanza linapoingia Hamali. Tukio hilo huitwa sankranti, nalo laweza kutokea saa yoyote, mchana au usiku, kwa hiyo lazima pawe na kanuni ya kusema ni siku ipi itakayoitwa mosi. Kanuni ya Bengali hutazama usiku wa manane: jua likiingia kabla ya saa sita za usiku, mwezi huanza siku ifuatayo; likiingia baada ya hapo, huongezwa siku moja. Kanuni ya Watamili, ambao nao hufuata jua lile lile na buruji zile zile, hutazama magharibi: likiingia kabla ya jua kuchwa, siku iyo hiyo ndiyo mosi, likiingia baada ya kuchwa, mosi ni kesho yake.

Hebu tulione jambo hili kwa macho. Mwaka 2025 jua liliingia Hamali usiku wa kuamkia 14 Aprili, saa sita zikiwa zimepita na mapambazuko hayajafika. Kwa Mtamili wa Chennai, magharibi ya tarehe 13 ilikuwa imekwisha kupita, kwa hiyo mosi ya mwezi wa Chithirai, ambayo ndiyo Puthandu, mwaka mpya wao, ilikuwa 14 Aprili. Kwa Mbengali wa Kolkata, usiku wa manane ulikuwa umevukwa, kwa hiyo mosi ya Boishakh ilisogea hadi 15 Aprili. Mwaka mmoja kabla yake, 2024, jua liliingia usiku wa 13 Aprili kabla ya saa sita, na wote wawili wakasherehekea tarehe 14. Asiyeijua kanuni akitazama mialiko ya miaka hiyo miwili atadhani mpiga chapa wa Kolkata amekosea. Kumbe jua limechelewa saa chache tu, na saa hizo zimezaa siku nzima.

Kwa sababu hiyo hiyo miezi ya Kolkata haina urefu uliofungwa. Jua huonekana likienda polepole katikati ya mwaka wetu na upesi karibu na Januari, hata mwezi wa Asharh huweza kufika siku 32 na miezi ya karibu na Januari kupungua hadi 29. Hakuna jedwali la kuhifadhi moyoni. Hapana budi kufungua panjika, yaani takwimu ya mwaka husika, ambayo aghalabu kila nyumba ya Kibengali huwa nayo.

Dhaka waliukata mzizi huo. Kamati iliyoongozwa na mwanazuoni wa lugha Muhammad Shahidullah ilipendekeza mwaka 1966 kwamba miezi ipewe urefu wa kudumu, na serikali ya Bangladesh ikaipokea kalenda hiyo rasmi katika miaka ya 1980. Tangu hapo Boishakh mosi ya Bangladesh ni 14 Aprili, kila mwaka pasipo kuuliza jua liko wapi. Hesabu ya kijana wangu sasa yaonekana wazi: kutoka mosi hadi 25 ni siku 24, ukizihesabu kutoka 14 Aprili unafika 8 Mei, na ukizihesabu kutoka 15 Aprili unafika 9 Mei. Simu haikusema uongo, ila ilijibu swali la mji mwingine.

Hata kwa Dhaka peke yake, kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukiwanasa watu makini. Kwa kalenda ya kwanza ya kudumu, miezi mitano ya mwanzo ilikuwa na siku 31 na mingine 30, na 21 Februari, siku ya mashahidi wa lugha wa mwaka 1952, ikaangukia 9 Falgun, ilhali siku yenyewe walipouawa ilikuwa 8 Falgun 1358. Mwaka 2019 pakafanywa marekebisho: Ashwin ukapewa siku 31, na Falgun ukabakiwa na 29, au 30 katika mwaka wa Miladia wenye siku 366, na 8 Falgun ikarejea mahali pake. Maana yake ni kwamba jedwali lililochapwa kabla ya hapo ni sahihi kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Oktoba, kisha hutangulia siku moja katika miezi ya Kartik, Ogrohayon, Poush, Magh na Falgun. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko kosa la daima, kwa kuwa mtu hulijaribu jedwali lake mwezi wa Mei, akaliona kweli, akaliamini mpaka Desemba. Ukitaka kulipima, tafuta 21 Februari: likikupa 9 Falgun, ni la zamani.

Yote niliyosema ni ya sikukuu za jua. Mwaliko wa Durga Puja ni habari nyingine, kwa maana siku zake hufuata umri wa mwezi mwandamo, na jina Saptami lenyewe maana yake ni ya saba. Mwaka 2025 Saptami ilikuwa 29 Septemba, nayo Kolkata iliandikwa 12 Ashwin na Dhaka 14 Ashwin. Mwaka 2026 imo katika wiki ya tatu ya Oktoba. Basi asije mtu akachukua kadi ya mwaka jana akaongeza mwaka mmoja juu yake, ijapokuwa kwa hafla ya Tagore angepatia au angekosa kwa siku moja tu.

Je, kadi yenyewe isiyo na tarehe ya Miladia itasomwaje na mtu asiye na panjika? Kwa siku ya juma, ambayo haikuguswa na kamati yoyote wala haibadiliki kwa kuvuka mpaka. Shukrobar ni Ijumaa. Mwaka 2025 tarehe 8 Mei ilikuwa Alhamisi, na 9 Mei ilikuwa Ijumaa; neno lile moja lililoandikwa pembeni, ambalo kijana alilipita kama pambo, ndilo lililokata shauri. Akasogeza safari yake hadi Jumamosi.

Nawasihi basi wale wanaochapa au kufasiri mialiko ya namna hii wasiiache siku ya juma, hata nafasi ikiwa finyu, na kando ya mwezi wa Kibengali wautaje mji ambao kalenda yake imefuatwa.