Namba Nne Ambazo Si Usajili wa Dawa

Muuzaji wa dawa za asili akiulizwa kama dawa yake imesajiliwa, mara nyingi huigeuza chupa na kuonyesha namba. Tunamshauri mnunuzi aulize swali la pili: namba hiyo ni ya nini, na imetolewa na nani?

Chukua mfano wa chupa ya nusu lita, dawa ya "nguvu na damu", inayouzwa stendi. Lebo yake ina msimbo wa mistari unaoanza na 620. Tarakimu hizo huonyesha tu kuwa mwenye bidhaa alichukua msimbo wake Tanzania. Chini yake kuna namba ya mlipakodi, ambayo inahusu kodi. Ya tatu ni namba ya mganga mwenyewe. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa Sheria Na. 23 ya 2002, husajili waganga na husajili pia dawa zao, lakini usajili wa mtu haubebi kila chupa anayoijaza.

Namba ya nne ndiyo inayowapotosha wengi: "Imepimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali." Huenda ni kweli. Lakini ripoti ya maabara huzungumzia sampuli iliyopelekwa siku ile na vipimo vilivyoombwa. Haisemi lolote juu ya chupa zilizojazwa baadaye, wala si kibali cha kuuza.

Basi chupa yetu ina namba nne, na hakuna hata moja iliyo usajili wa dawa.

Panapokuwa na namba ya usajili, inakili yote, herufi na tarakimu, kisha uliza kwa mamlaka iliyotajwa kwenye lebo. Usiishie kusikia kuwa namba ipo. Linganisha jina la dawa, mtengenezaji na umbo lake, kwa sababu namba halali huweza kunakiliwa kutoka kwenye bidhaa nyingine. Namba ya vidonge kwenye chupa ya maji ni dalili tosha. Muuzaji akikuharakisha usipige simu, mwachie chupa yake.

Tunasisitiza hivi kwa sababu baadhi ya dawa zinazoitwa za asili, hasa za nguvu za kiume, zimekutwa duniani kote zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akiinywa, shinikizo lake la damu laweza kushuka ghafla hadi kuhatarisha maisha. Dawa ya mizizi inayofanya kazi ndani ya saa moja itiliwe shaka.

Kama umeshainywa na ukajisikia vibaya, nenda kituo cha afya na chupa yenyewe, hata ikiwa imebaki matone.