Vidato 19 Kuelekea Handakini

Jioni ya tarehe 3 Machi 1943, watu 173 walikufa mlangoni mwa handaki la kujikinga na mabomu huko Bethnal Green, mtaa wa wafanyakazi mashariki mwa London. Watoto walikuwa 62, wanawake 84 na wanaume 27. Hakuna bomu lililoanguka karibu nao usiku ule. Walikufa kwa kukosa pumzi, wakiwa wamelaliana kwenye ngazi, hatua chache tu kutoka mahali walipoambiwa kwamba ni salama.

Kwa idadi ya raia waliokufa, hayo ndiyo maafa makubwa kuliko yote ya aina yake nchini Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nayo yanaeleza vizuri kuliko kitabu chochote cha maelekezo jinsi ulinzi wa raia ulivyofanya kazi katika mji unaopigwa mabomu, kwa sababu kila sehemu ya mpango ule ilikutana na nyingine pale kwenye ngazi: king'ora kilichowatoa watu nyumbani, giza lililoagizwa na sheria, handaki lenyewe, na watoto ambao serikali ilikuwa imekwisha kujaribu kuwaondoa mjini.

Tuanze na king'ora. Mlio ule ulikuwa mwisho wa safari ndefu ya habari. Minara ya rada kwenye pwani ya kusini na mashariki iliziona ndege zikiwa bado juu ya bahari, na zikishafika nchi kavu zilifuatwa kwa macho na masikio na waangalizi waliokaa vilimani na juu ya majengo. Taarifa zote zilikwenda kwenye makao ya ndege za kivita, kaskazini-magharibi mwa London, na kutoka huko zikapigiwa simu wilaya moja moja kwa lugha ya rangi. Njano ilikuwa tahadhari ya siri kwa polisi, zimamoto na hospitali; mwananchi wa kawaida hakuisikia. Zambarau, iliyoongezwa mwaka 1940, iliamuru kuzimwa kwa taa za bandarini na viwandani zilizokuwa na ruhusa maalumu ya kuwaka. Nyekundu ndiyo iliyowasha ving'ora, kwa sauti ya kupanda na kushuka. Kijani ilimaanisha kwamba adui amepita, na hapo king'ora kilitoa sauti moja iliyonyooka kwa dakika 2.

Ugumu ulikuwa katika kuchagua wakati. Ndege iliyokwenda kilomita 300 kwa saa ilitoka pwani ya kusini hadi London kwa muda usiozidi dakika 20. Mlio ukichelewa, watu wangekutwa njiani. Ukipigwa mapema mno na mara nyingi mno, viwanda vingesimama na watu wangeuzoea, wakaendelea kunywa chai yao. Hayo ya pili yalitokea kweli mwaka 1940, hata viwanda vikaanza kuweka walinzi juu ya paa, wafanyakazi wakaendelea na kazi baada ya king'ora na kukimbia tu pale mlinzi alipoziona ndege kwa macho yake.

Giza lilitangulia vita vyenyewe. Lilianza usiku wa tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla Uingereza haijatangaza vita, na halikulegezwa hadi Septemba 1944. Kila dirisha lilifunikwa kwa pazia zito, taa za barabarani zikazimwa, na taa za magari zikazibwa zikaachwa na mwanya mwembamba tu wa mwanga. Kingo za njia za miguu na mashina ya miti zilipakwa chokaa ili watu wasijigonge. Walinzi wa mtaa, wengi wao wa kujitolea, walizunguka wakitafuta mwali wowote unaopenya nje. Katika mwezi ule wa kwanza vifo vya barabarani viliongezeka karibu maradufu, wakati ambapo London haikuwa imeangushiwa hata bomu moja. Kinga ilianza kuua kabla ya adui.

Sasa handaki. Hapa msomaji anapaswa kujua wazo lililotawala mipango ya serikali kabla ya vita: wasikusanyike, watawanyike. Wapangaji waliogopa bomu moja likiingia mahali penye maelfu ya watu. Waliogopa pia kwamba raia wakishazoea kukaa chini kabisa ya ardhi hawatataka tena kupanda juu kwenda kazini. Basi wakachagua vibanda vidogo vya nyumbani, na kilichosambaa zaidi kiliitwa Anderson, kwa jina la Sir John Anderson aliyesimamia ulinzi wa raia. Kilikuwa cha mabati mazito yenye mawimbi, yaliyopindwa na kufungwa kwa boliti, cha kutosha watu 6. Kilizamishwa ardhini kiasi cha mita 1.2, kisha udongo wa sentimita 40 hivi ukarundikwa juu yake. Familia yenye kipato cha chini ya pauni 250 kwa mwaka ilikipata bure. Bati lile halikuweza kuhimili bomu lenyewe, lakini udongo ulimeza mtikisiko na vipande vya chuma vinavyoruka, na hivyo ndivyo vilivyoua wengi kuliko bomu lililomwangukia mtu moja kwa moja. Adui wake mkubwa alikuwa maji. Mvua za majira ya baridi ziligeuza vibanda vingi kuwa visima.

Lakini Anderson ilihitaji bustani, na mitaa ya mashariki mwa London ilikuwa na nyumba zilizobanana na ua wa sementi. Mabomu yalipoanza kuanguka kila usiku kuanzia tarehe 7 Septemba 1940, wakazi wa mitaa hiyo walijichagulia wenyewe: walinunua tiketi ya treni ya chini ya ardhi, wakashuka, wakakataa kutoka. Serikali ilikuwa imekataza. Baada ya siku chache ilinyamaza, kisha ikaanza kuleta vitanda na vyoo. Usiku wa tarehe 27 Septemba walihesabiwa watu kama 177,000 kwenye stesheni hizo. Hata hivyo walikuwa wachache ukilinganisha na mji mzima. Wakazi wengi wa London walilala nyumbani mwao muda wote wa mashambulizi.

Stesheni ya Bethnal Green ilikuwa bado haijamalizika kujengwa vita vilipoanza. Reli hazikuwa zimewekwa, kwa hiyo ilifaa sana. Ilifunguliwa kuwa handaki mwaka 1940, ikawekwa vitanda 5,000 na nafasi kwa maelfu wengine, kantini, ukumbi wa maonyesho na hata maktaba ya mtaa. Huko chini palikuwa salama kweli. Udhaifu ulikuwa juu: mlango mmoja tu, wenye uzio wa mbao, na ngazi ya vidato 19 iliyoteremka hadi kwenye ubapa mdogo kabla ya kona. Kingo za vidato hazikuwa na rangi nyeupe, na katikati ya ngazi hapakuwa na mhimili wa kushika. Halmashauri ya mtaa iliandika mwaka 1941 ikiomba kibali cha kuimarisha mlango, ikihofia msongamano. Ombi lilikataliwa.

Na watoto je? Walitakiwa wasiwepo. Kuanzia siku ile ile ya giza la kwanza, serikali ilihamisha watu milioni 1.5 kutoka mijini kwenda vijijini kwa siku tatu, wengi wao watoto wa shule waliosafiri na walimu wao, kila mmoja akiwa na kibandiko cha jina kwenye koti na kinyago cha gesi ndani ya boksi. Aliyempokea mtoto alilipwa shilingi 10 na peni 6 kwa wiki. Kazi ya reli ilifanikiwa ajabu. Kilichoshindikana ni kuwafanya wakae. Katika kumbi za vijiji wenyeji walichagua watoto kwa kuwatazama, na wa mwisho kuchaguliwa hawakuisahau siku hiyo. Mabomu nayo hayakuja mwaka ule, na wazazi walikuwa huru kumchukua mtoto wao wakati wowote. Kufikia Januari 1940 karibu nusu ya watoto wa shule walikuwa wamerudi nyumbani, na akina mama waliohamishwa na wadogo walirudi kwa wingi zaidi. Wengi walihamishwa tena mabomu yalipoanza, wengi wakarudi tena. Ndiyo maana mwaka 1943 Bethnal Green ilikuwa imejaa watoto.

Jioni ile ya Machi mvua ilikuwa imenyesha na vidato vilikuwa vimelowa. Siku mbili kabla, ndege za Uingereza zilikuwa zimeipiga Berlin, na kila mtu alitarajia kisasi. King'ora kililia saa 2 na dakika 17 usiku. Kwa dakika 10 zilizofuata watu kama 1,500 waliteremka kwa utaratibu, wakipapasa njia kwa balbu moja ya wati 25, kwa kuwa taa kali zaidi ingeonekana angani. Saa 2 na dakika 27 mizinga ya roketi iliyokuwa katika bustani ya Victoria, karibu na hapo, ilifyatua kwa pamoja. Ilikuwa silaha mpya, na wengi hawakuwahi kuusikia mlio wake. Walidhani ni mabomu. Waliokuwa bado mtaani walisukuma kuelekea mlangoni.

Karibu na kidato cha tatu kutoka chini, mwanamke aliyebeba mtoto alianguka. Aliyemfuata akaanguka juu yake, na wa nyuma hakuweza kuona gizani kwamba njia imeziba. Katika sekunde 10 hadi 15 ngazi nzima ilifungwa. Watu kama 300 walikuwa wamekazana katika nafasi ya chumba kidogo, na walioko juu waliendelea kushuka wakiamini kwamba foleni ni ya kawaida tu. Waliokuwa chini walivuta mikono na nguo, lakini miili ilikuwa imefumana kama mkeka. Ilibidi polisi na walinzi waanze kutoa watu kutoka juu, mmoja mmoja, na kazi hiyo iliendelea hadi karibu saa 6 usiku.

Hakimu Laurence Dunne alichunguza na kuandika taarifa yake mwezi huo huo. Alikataa uvumi uliokuwa umeenea kwamba Wayahudi ndio waliozua hofu; alisema hauna msingi wowote. Sababu alizozitaja zilikuwa za kawaida na za kupimika: mwanga hafifu, ukosefu wa mihimili, vidato vibovu, na kutokuwepo kwa mtu mlangoni wa kuuzuia umati. Serikali ilikataa kuichapisha ikisema adui angefurahi, na ikabaki siri hadi Januari 1945. Kwa muda huo wote lawama iliachwa juu ya halmashauri iliyokuwa imeomba kibali, na juu ya marehemu wenyewe, waliosemekana kwamba walipagawa. Hilo lilikuwa dhuluma, kwa sababu umati ule ulikuwa umeteremka kwa adabu kwa dakika 10 nzima.

Mihimili ya kushika iliwekwa kwenye ngazi baada ya maafa, na kingo za vidato zikapakwa rangi nyeupe. Ukumbusho kamili wa waliokufa ulikamilika mwaka 2017, nje ya mlango wa stesheni: ngazi ya mbao iliyogeuzwa juu chini, yenye matundu 173 ya kupitisha mwanga.