Bomba la Mita Sita Chini ya Waya wa Umeme

Bomba la alumini la kumwagilia shamba, lile la mita 6, ni jepesi kiasi kwamba kijana mmoja hulibeba begani na kuvuka nalo matuta yote. Zamu ya maji ikiisha, mabomba huhamishwa, na kabla ya kuhamishwa humwagwa maji na matope yaliyobaki ndani. Njia ya haraka ya kuyamwaga ni kuinua upande mmoja, kusukuma mpaka bomba lisimame wima, kisha kulitikisa. Wengine hulisimamisha kwa sababu panya au nyoka amejificha ndani. Kitendo hicho huchukua sekunde chache, na macho ya anayekifanya huwa chini, kwenye mdomo wa bomba unaomwaga matope. Kama juu yake zinapita nyaya za umeme, hatakuwa amezitazama.

Nyaya hizo hazijavikwa chochote. Wengi huamini kwamba rangi yao ya kijivu ni ganda la plastiki, kumbe ni alumini tupu iliyochakazwa na jua na mvua. Kinachouzuia umeme usishuke ardhini ni vile vikombe vya kauri au vya kioo pale nguzoni, na hewa iliyo kati ya waya na kila kitu kingine. Nyaya zinazokatiza mashamba yetu kutoka kijiji hadi kijiji, kabla ya kufika kwenye transfoma, kwa kawaida hubeba volti 11,000 au 33,000. Nyumbani tunatumia volti 230 au 240, na hizo nazo huua.

Mafundi na wakaguzi wa usalama katika nchi nyingi hutumia kipimo kimoja rahisi: mtu, chombo alichoshika na mzigo wake visifike karibu zaidi ya mita 3 kutoka kwenye waya wenye umeme usiozidi volti 50,000. Nyaya za minara mikubwa ya chuma huhitaji nafasi zaidi. Kwa volti 132,000 ni karibu mita 5, na kwa volti 220,000 ni zaidi ya mita 6.

Watu wakisikia mita 3, hudhani umeme unaweza kuruka umbali wote huo. Hauruki hivyo. Waya wa volti 33,000 hurusha cheche hewani kwa sentimita chache tu. Nafasi inayobaki imewekwa kwa ajili yetu sisi, kwa sababu mkono huchoka, mguu huteleza kwenye tope, upepo husukuma ncha ya bomba, na jicho linalotazama juu kutoka ardhini hukosea kirahisi kukadiria umbali. Waya nao hautulii mahali pamoja. Jua la mchana likiwaka, au umeme mwingi ukipita ndani yake, alumini hutanuka na waya hulegea, hivyo katikati ya nguzo mbili hushuka chini kuliko ulivyokuwa asubuhi. Mtu anayesema kwamba amekuwa akipita pale kila siku bila kudhurika huwa amepita kwa kutumia akiba hiyo bila kujua imebaki kiasi gani.

Tupige hesabu ya shamba moja la nyanya linalopitiwa na njia ya umeme. Tuseme katikati ya nguzo mbili waya wa chini uko mita 6.2 kutoka ardhini. Ukitoa zile mita 3, unabaki na mita 3.2. Chini ya waya huo, hakuna kitu kinachotakiwa kupita urefu huo, uwe mkono, jembe, ngazi au bomba.

Kijana wetu akilisimamisha bomba lake la mita 6 huku mguu wake ukiwa ardhini, ncha ya juu inabaki sentimita 20 kutoka kwenye waya. Akiliinua kidogo ili alitikise, imegusa. Hilo ni rahisi kuliona. Lisiloonekana kirahisi ni hatari ya bomba lililobebwa kwa kulala. Mtu akiliweka begani katikati, bega likiwa mita 1.4 kutoka ardhini, nusu ya bomba, yaani mita 3, iko mbele yake na nusu iko nyuma. Akijikwaa kwenye tuta na upande wa nyuma ukaanguka mpaka ardhini, ncha ya mbele inaweza kupanda mpaka karibu mita 2.8. Sasa imebaki mita 3.4 tu, na mpaka wa usalama uko karibu sana. Bomba likiwa la mita 9, kama yalivyo mengi ya mashamba makubwa, ncha hiyo nayo inaweza kufika karibu mita 2.8. Watu wawili wakilibeba, mmoja kila mwisho, ncha zote mbili zinabaki usawa wa mabega yao. Mahali ambapo waya unapita, kazi hii ni ya watu wawili, na mwenye shamba anayemtuma mtu mmoja ili aokoe ujira anamweka mtu huyo hatarini.

Mita 6.2 zimepatikanaje? Usipime kwa fito, wala kwa futi ya chuma, wala kwa kurusha kamba. Chukua karatasi ya mraba, uikunje kona kwa kona upate pembetatu. Simama pembeni mwa njia ya umeme, shika pembetatu karibu na jicho, ubavu mmoja mfupi ukiwa sambamba na ardhi, kisha tazama juu kwa kufuata ubavu mrefu wa mshazari. Sogea mbele au nyuma mpaka uuone waya wa chini kwenye ncha ya mshazari huo. Sasa pima umbali kutoka miguuni pako hadi mahali palipo chini kabisa ya waya, kisha ongeza urefu wa jicho lako kutoka ardhini. Ukipata mita 4.6 na jicho lako liko mita 1.6, waya uko karibu mita 6.2. Uwanja uwe tambarare, na upime mchana wa jua kali. Kipimo hiki kinaweza kukosea kwa nusu mita, kwa hiyo punguza nusu mita kwenye jibu kabla ya kulitegemea.

Kuna umbali wa pili ambao watu husahau kabisa, nao ni wa pembeni. Bomba au ngazi iliyosimama inaweza kuanguka upande wowote. Ili bomba la mita 6 lisimamishwe kwa usalama, mahali hapo pawe mbali na waya kwa urefu wa bomba pamoja na zile mita 3, yaani mita 9. Mwongozo wa usalama wa Uingereza nao hutaja mita 9 kwa nyaya zilizo kwenye nguzo za miti, na mita 15 kwa zilizo kwenye minara ya chuma, na hupimwa kutoka chini ya waya wa nje kabisa. Wengi hupima kutoka kwenye nguzo, ilhali mkono wa nguzo hutokeza nje, na waya wa pembeni uko karibu nawe kuliko nguzo yenyewe. Rundo la mabomba nalo liwekwe nje ya eneo hilo, kwa sababu pale yanapohifadhiwa ndipo yatakapoinuliwa.

Ngazi ya alumini hufuata hesabu hiyohiyo. Ile ya kurefusha ibebwe ikiwa imekunjwa na imelala, na irefushwe baada ya kufika ukutani. Mpaka rangi na fundi wa antena wakumbuke kwamba ngazi inapoinuliwa ncha yake huzunguka hewani, na kwamba waya unaoingia nyumbani mara nyingi upo palepale pembeni mwa paa.

Ngazi ya mti au fito ya mwanzi si kinga. Mti mkavu kabisa hupitisha umeme kidogo, lakini unyevu, jasho na vumbi hubadili hali hiyo, na kwenye volti 11,000 hakuna mti wa kuaminiwa. Glavu za mpira za kazi za kawaida na viatu vya mvua havikutengenezwa kwa msongo huo.

Tawi bichi ni hatari zaidi, maana limejaa maji. Anayeangua parachichi au maembe kwa upembo mrefu, au anayepogoa mkaratusi, ajumlishe urefu wa mkono wake, wa upembo au msumeno, na wa tawi litakaloanguka, kisha aache mita 3 juu ya hayo yote. Kama mti mzima unakatwa, urefu wake wote ndio kipimo: mkaratusi wa mita 20 uwe angalau mita 23 kutoka kwenye waya wa karibu. Ukiwa karibu zaidi, au tawi tayari limeingia kwenye nyaya, usipande. Kazi hiyo ni ya shirika la umeme, ambalo huzima njia, huihakiki na kuiunganisha na ardhi kabla mtu hajaukaribia mti. Tanzania piga TANESCO kwa namba 180, na Kenya piga Kenya Power kwa 97771.

Usijitie moyo kwa sababu taa za kijiji zimezimika. Njia nyingi za vijijini zina kifaa ambacho, tawi likigusa waya, hukata umeme na kuurudisha chenyewe baada ya sekunde chache, kisha hujaribu tena. Waya uliolala kimya unaweza kuwa na umeme kabla hujamaliza kuushangaa.

Ajali ikitokea, wanaokimbilia kusaidia ndio wanaofuata kufa. Bomba likigusa waya, umeme hushuka na kusambaa ardhini, ukiwa mkali karibu na ukipungua kadiri unavyoenda mbali. Anayepiga hatua ndefu huweka mguu mmoja penye umeme mwingi na mwingine penye kidogo, nao hupita mwilini mwake. Kaa angalau mita 10 mbali, zuia watu na mifugo, piga simu. Uliyejikuta karibu, ondoka kwa kuburuta miguu ikiwa imeshikana. Aliye kwenye trekta abaki kwenye kiti, asiguse ardhi mpaka shirika lithibitishe kwamba umeme umekatwa. Trekta likiwaka moto tu ndipo aruke, miguu pamoja, bila kushika trekta na ardhi kwa wakati mmoja. Aliyepigwa na umeme apelekwe hospitali hata kama anatembea na kuzungumza, kwa kuwa moyo na nyama za ndani zinaweza kuwa zimeumia bila alama kubwa kwenye ngozi.

Mwenye shamba, kabla ya zamu ijayo ya maji, pima waya wako, kisha chomeka vigingi mita 10 kila upande wa njia ya umeme na uwaambie vibarua kwamba ndani ya vigingi hivyo hakuna bomba litakalosimamishwa.