Kadi Moja Ikisafiri Peke Yake

Mwezi Agosti 2019 habari ilienea duniani kwamba Ebola sasa inatibika, na kwamba wagonjwa 90 kati ya 100 wanapona. Ilitokana na jaribio la PALM, lililolinganisha dawa nne za Ebola na kufanyika katika vituo vya matibabu vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe. Hiyo 90 haikuwa uongo. Ilihusu wagonjwa waliopewa mojawapo ya dawa mbili bora, MAb114 na REGN-EB3, virusi vikiwa bado vichache mwilini. Ukiwahesabu wote waliopewa dawa hizo, waliopona ni kama 65 kati ya 100. Namba ilifika mbali, sharti lake likabaki nyuma.

Anayetaka kuwafupishia wenzake mada ya kongamano kwa karuseli, yaani kadi chache za picha ambazo msomaji anazitelezesha kwa kidole, anaingia katika hatari hiyo hiyo. Tuseme muuguzi wa Mavivi amekwenda Butembo kusikiliza mada ya dakika arobaini juu ya PALM, na wenzake wamebaki zamu. Amerudi na kurasa kadhaa za maandishi. Wenzake watasoma kwenye simu, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine.

Kabla ya kugusa rangi au herufi, ajiulize: mwenzangu aliyebaki kituoni atafanya nini tofauti kesho? Swali hili linakata mengi. Dawa ya MAb114, kwa mfano, chanzo chake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Ni kisa kitamu, na huenda ndicho ukumbi ulichokipenda zaidi, lakini hakibadilishi kazi ya mtu yeyote Mavivi. Kitoke. Hata orodha ya dawa nne zilizolinganishwa haistahili kadi yake, kwa sababu kituo cha afya cha kawaida hakitoi dawa hizo. Kinapeleka wagonjwa kwa wanaozitoa.

Kinachobaki kwanza ni muda. Kati ya wagonjwa waliofika ndani ya siku moja tangu dalili zianze, walikufa asilimia 19. Kati ya waliofika baada ya siku tano, walikufa asilimia 47. Hili ndilo la kadi ya kwanza, ingawa msemaji alilitaja karibu na mwisho. Ukumbini watu wameketi na wanaweza kungoja. Kwenye simu wengi hawafiki kadi ya nne.

Kadi ya kwanza basi iandikwe sentensi nzima: «Mshukiwa wa Ebola apelekwe leo, asingoje kesho.» Kichwa kama «Umuhimu wa kuwahi» kinataja mada bila kusema funzo. Chini ya sentensi hiyo zikae namba mbili tu, 19 na 47, pamoja na maneno yanayosema ni asilimia ya nani.

Hapa panahitaji uangalifu. Dawa ziligawiwa kwa kura, kwa hiyo tofauti kati yake inaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya dawa. Siku za kufika hazikupigiwa kura. Waliowahi huenda walitofautiana na waliochelewa kwa mambo mengine pia. Kadi iseme «walikufa wachache zaidi», isiahidi kwamba kuwahi peke yake kunaokoa idadi fulani. Funzo la kuwapeleka mapema halipungui nguvu kwa hilo.

Kadi ya pili isiorodheshe dawa zote nne, ibebe tu matokeo yanayoonyesha mgonjwa anapelekwa kupata nini: kwa MAb114 walikufa 61 kati ya 174, kwa REGN-EB3 walikufa 52 kati ya 155, na kwa ZMapp, dawa ya kulinganishia, walikufa 84 kati ya 169. Hesabu za watu zinasomeka vizuri kuliko asilimia zenye nukta, na haziachani kirahisi na kundi lake. Ile 90, ikiwa lazima iwepo, ikae kadi moja na maneno «virusi vikiwa vichache». Sharti likiwekwa kadi inayofuata limepotea, kwa sababu watu hukata picha moja wakaituma kwa kundi jingine.

Kadi ya tatu ni ya mipaka, nayo ndiyo wengi huiruka. Matokeo haya ni ya Ebola ya aina ya Zaire. Mlipuko wa Isiro mwaka 2012 ulikuwa wa Bundibugyo, na ule wa Uganda mwaka 2022 ulikuwa wa Sudan. Namba za PALM hazisemi lolote juu ya hizo. Neno «Zaire» liandikwe kwenye kila kadi, pembeni, pamoja na jina la jaribio na mwaka.

Herufi ziwe kubwa, maana WhatsApp hubana picha na maandishi madogo hufifia. Kisha kadi moja, yoyote, ionyeshwe kwa mtu ambaye hakuwa Butembo, bila zile nyingine, naye aeleze inamhusu mgonjwa gani. Akijibu «wagonjwa wote», kadi hiyo iandikwe upya kabla ya kutumwa.