Mafungu 375 kwa Sekunde

Je, wajua kwamba kompyuta ya kurekodia muziki yaweza kuwa na prosesa ya bei mbaya na bado ikaharibu sauti ya mwimbaji?

Studio nyingi hurekodi sampuli 48,000 kwa sekunde. Kompyuta haizichakati moja moja. Huzifunga mafungu mafungu kwenye bafa. Bafa ikiwa ya sampuli 128, hayo ni mafungu 375 kila sekunde, na kila moja lina milisekunde 2.7 tu za kushughulikiwa. Ni kama mafundi wanaopokezana matofali hadi ghorofani: mmoja akigeuka kujibu simu, wa juu anabaki mikono mitupu. Kwenye hedifoni unasikia "tk!"

Anayegeuka kujibu simu mara nyingi ni draiva ya waifai, au mpango wa kubana umeme unaoilaza prosesa kila ikipata nafasi. Mashine moja niliyoiunganisha mwenyewe ilikuwa ikitoa "tk" kila baada ya muda, ingawa mita ya prosesa haikufika hata asilimia 20. Nilizima waifai, ikanyamaza. Programu ya LatencyMon huonyesha draiva inayokawiza wenzake. Ndiyo maana ninapopanga mashine ya studio, waya wa mtandao huja kabla ya prosesa kubwa.

Ukiongeza bafa hadi 512, "tk" hupungua, lakini mwimbaji anaanza kujisikia kwa kuchelewa. Sauti huingia na kutoka, hivyo bafa hulipwa mara mbili: milisekunde 21 na ushee. Hewani, muda huo sauti husafiri zaidi ya mita 7. Jaribu kuimba huku mwenzako aliye upande wa pili wa ukumbi akikurudishia kila neno! Kwa hiyo rekodi kwa 128, kisha panda hadi 512 au 1,024 wakati wa kuchanganya, ambapo hakuna anayeimba.

Kelele za kompyuta yenyewe ni rahisi zaidi kuzidhibiti, kama chumba kina nafasi. Feni kubwa ya milimita 140 inayozunguka polepole husukuma hewa sawa na ndogo inayopiga mluzi, na SSD haina kinachozunguka. Kisha lisogeze kasha mbali na maikrofoni, nyuma yake ikiwezekana, kwa kuwa maikrofoni ya kondensa haisamehe.

Matundu ya USB yahesabu kabla ya kununua ubao mama: intafesi ya sauti, kibodi ya muziki, diski ya akiba, ufunguo wa leseni, kipanya na kibodi ya kuandikia. Sita tayari. Intafesi ipe tundu lake la nyuma, moja kwa moja kwenye ubao. Ukiichomeka kwenye kigawanyio pamoja na diski inayonakili mafaili, ile "tk" yaweza kurudi, nawe utailaumu prosesa bure.