Mmeahirisha harusi? Waambie wageni ukweli, kisha wape tarehe

Kadi zimeshatoka, kamati imeshakaa vikao vinne, shangazi wa Mombasa ameshakata tiketi, halafu wewe na mchumba wako mnaangaliana na kukubali kwamba harusi haitawezekana tarehe ile. Kuahirisha kwenyewe si aibu. Shida huanza pale mnapotuma ujumbe wa mistari miwili kwenye kundi la WhatsApp, “kwa sababu zisizoweza kuepukika harusi imesogezwa mbele, tutawajulisha”, kisha mnazima simu.

Unajua kitakachofuata. Kabla jua kuzama, kundi lingine ambalo nyinyi hamumo litakuwa limeshaamua kwamba mmoja wenu ameachwa, au kuna mimba ya pembeni, au mahari imeleta vita. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na watu huiamini methali hiyo sana wakati hawajaambiwa kitu. Mgeni aliyetuma elfu tano kwa mweka hazina naye atabaki akijiuliza, “Sasa hela yangu?”

Ujumbe wa kuahirisha una kazi nne tu: kusema harusi haijavunjika, kusema kwa nini, kusema ni lini na wapi sasa, na kusema pesa za watu ziko wapi. Ukikosa moja, simu yako haitapumzika. Wacha tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho.

Tuseme nyinyi mnaishi Nairobi na harusi ilikuwa ifanyike Nakuru, Jumamosi, 22 Agosti 2026. Bajeti ni Sh450,000. Mwezi wa Juni, kampuni anakofanya kazi bwana harusi inawaachisha watu kazi, naye ni mmoja wao. Mkononi mmeshakusanya Sh190,000. Kati ya hizo, Sh115,000 ni michango ya watu 38, na Sh75,000 ni akiba yenu wenyewe. Mmeshalipa Sh60,000 za kushikilia uwanja, mpishi na mpiga picha. Zimebaki Sh130,000. Pengo ni Sh260,000, na mshahara uliotarajiwa kuliziba haupo tena.

Mnaweza kukopa. Wengi hukopa, kisha mwaka wa kwanza wa ndoa unaishia kulipia mahema na keki ambayo ililiwa zamani. Nyinyi mmeamua kungoja.

Piga simu kabla ya kuandika

Kosa la kwanza huwa ni mpangilio. Mama mzazi akisikia habari hizi kutoka kwa jirani aliyeziona kwenye simu, hata sababu nzuri haitamtuliza. Kwa hiyo anzeni na wazazi wa pande zote mbili siku moja, uso kwa uso kama inawezekana. Kwa kuwa aliyepoteza kazi ni bwana harusi, yeye ndiye aende kwa wakwe, akiwa na mzee mmoja wa upande wake, aseme mwenyewe. Wakwe wakisikia kwa mdomo wake, wataambiana kwamba kijana hakujificha. Wakisikia kwa mwingine, wataanza kuuliza ni nini kingine anachoficha.

Baada ya wazazi, waambie mwenyekiti wa kamati na mweka hazina, kisha wasimamizi wenu, kisha pasta au padri. Muulize kama matangazo ya ndoa yaliyosomwa kanisani yatasimama au yatasomwa upya. Kama mlikuwa mnafunga ndoa ya kiserikali mbele ya msajili, jueni kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ilani itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, na isizidi miezi mitatu. Ilani mliyotoa mwezi wa Julai haitafika Desemba. Itabidi mtoe nyingine.

Ndipo mpigie mwenye uwanja, mpishi na mpiga picha. Usimwulize mwenye uwanja tu kama “hakuna shida”. Muulize maswali matatu: tarehe mpya iko wazi? Pesa tulizolipa zitahamia huko? Na bei itabaki hii hii? Mwambie akuandikie majibu, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Maneno ya mdomo husahaulika harusi nyingine yenye pesa nyingi inapobisha hodi.

Mwisho, wapigie waliotoka mbali: yule shangazi wa Mombasa, binamu aliyeomba likizo kazini, rafiki aliyelipia chumba. Hao wana hasara inayoongezeka kila siku mnapochelewa. Simu zote hizi zimalizike kwa siku mbili. Ikifika siku ya tatu, bana, habari zitakuwa zimewatangulia.

Ukweli kiasi gani?

Wageni wanahitaji sababu moja ya kweli, kwa sentensi moja. Hawahitaji barua ya kuachishwa kazi wala hesabu ya deni la benki. “Nilipoteza kazi mwezi wa Juni na hatutaki kuanza ndoa kwa deni” inatosha kabisa. Hakuna swali linalobaki hapo.

Kama sababu ni ugonjwa, kuwa mwangalifu zaidi, maana siri ya mgonjwa si yako. “Mama anafanyiwa upasuaji na tunataka awepo” ni kweli tosha, ila muulize Mama kwanza kama anakubali hata hayo yasemwe. Jina la ugonjwa libaki nyumbani.

Usitunge sababu ili uonekane vizuri. Ukisema ukumbi ulikuwa na tatizo, kuna mgeni anayemjua mwenye ukumbi. Tena uongo wa aina hiyo unamharibia mtu biashara yake bure.

Kuna sababu moja ngumu kuliko zote: nyinyi wawili mmeanza kuwa na shaka. Hapo msitangaze tarehe mpya ya kuwafurahisha watu. Semeni tu, “Tumeahirisha kwa sababu tunahitaji muda wa kuzungumza, na hatuna tarehe kwa sasa,” na michango irudishwe bila kungoja kuombwa. Tarehe ya uongo itawalazimisha kuahirisha mara ya pili, na mara ya pili wageni hawaji.

Tarehe inayosimama

Katika mfano wetu, bwana harusi amepata kazi ya mkataba inayoanza Agosti. Mishahara ya Septemba, Oktoba na Novemba, pamoja na menyu iliyopunguzwa, inaweza kuziba pengo. Uwanja uko wazi Jumamosi, 5 Desemba. Watoto wako likizoni, na nauli bado hazijapandishwa na msafara wa Krismasi. Hiyo ni tarehe yenye miguu.

Kama hamna tarehe bado, toeni siku ya kutoa tarehe: “Tutawaambia kufikia 15 Agosti.” Siku hiyo ikifika, andikeni, hata kama jibu ni kwamba bado mnangoja.

Kisha pesa. Kabla ya kuahidi kwamba anayetaka mchango wake arudishiwe atarudishiwa, hesabuni. Nyinyi mna Sh130,000, michango ni Sh115,000. Hata wote 38 wakidai, mtaweza. Kama hesabu haitoshi, semeni ni lini mtaweza kurudisha, na msiahidi zaidi ya mlicho nacho. Mweka hazina atoe taarifa ya M-Pesa na kuilinganisha na daftari la kamati, ili kila jina liwe na kiasi chake. Kuanzia siku hiyo pesa hizo zisiguswe. Ni rahisi sana mtu asiye na kazi kukopa “kidogo tu” humo kulipa kodi ya nyumba, na hapo ndipo urafiki wa miaka huisha.

Sasa andika

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

“Habari zenu, ndugu na marafiki. Harusi yetu ya Jumamosi, 22 Agosti 2026, Nakuru, tumeiahirisha. Haijavunjika. Sababu ni kwamba mmoja wetu alipoteza kazi mwezi wa Juni, na hatutaki kuanza ndoa kwa deni. Tarehe mpya ni Jumamosi, 5 Desemba 2026, saa nne asubuhi, kanisa lile lile na uwanja ule ule. Kanisa na uwanja vimethibitisha. Kadi uliyo nayo bado ni halali. Michango yote iko salama kwa mweka hazina. Ukipenda urudishiwe, mwambie kufikia 31 Julai, na hutaulizwa kwa nini. Kama ulishalipia safari au chumba, tupigie leo. Poleni kwa usumbufu, na asanteni kwa kusimama nasi. Tafadhali jibu ‘Nimepata’.”

Tazama kwamba neno “tumeiahirisha” liko mwanzoni kabisa, maana kuna watu husoma mstari wa kwanza tu. Majina yenu wote wawili yawe chini, ili ionekane mmekubaliana. Na usiombe mchango mwingine hapo. Ukichanganya habari ya kuahirisha na namba ya kutuma pesa, watu watasoma namba tu. Kamati itakutana tena Septemba. Hayo yatangoja.

Tiki mbili za buluu hazimaanishi mtu ameelewa, na ndiyo sababu ya kuomba “Nimepata”. Chukua orodha ya wageni, gawa kwa watu watatu, na kila mmoja aweke alama kwa waliojibu. Baada ya siku mbili, waliobaki kimya wapigiwe simu. Nyanya asiye na WhatsApp na mzee wa kijiji aliyepewa kadi ya karatasi wapelekewe habari na mtu wanayemjua. Pasta naye aombwe kutangaza Jumapili mbili.

Jamaa wakianza maswali kwenye kundi, jibu mara moja kwa utulivu, kwa maneno yale yale ya ujumbe. Usibishane. Akizidi, mwachie mwenyekiti wa kamati ampigie pembeni.

Tuma ukumbusho mara mbili: katikati ya Oktoba, kabla watu hawajapanga Desemba yao, na wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Na ile asubuhi ya 22 Agosti, mwombe kijana mmoja akae karibu na lango la kanisa hadi saa sita akiwa na simu na pesa kidogo ya chai. Kuna mtu atakuja amevaa suti. Apokelewe vizuri, aambiwe tarehe 5 Desemba, anywe chai kabla ya kurudi.